Asilimia Ishirini ya Kinachobaki

Mimi nina hasira za karibu, na wanaonijua hapa Lagangabilili wamezoea. Kwa hiyo Mabula aliponiambia, mbele ya Mtendaji wa kijiji, kwamba nusu yangu ya gari ni sifuri, alijua anachokitafuta.

Gari lenyewe ni Kenta, lori dogo la mizigo. Tulilinunua miaka sita iliyopita, mimi, Mabula na marehemu Kasmiri, kila mtu milioni ishirini, jumla milioni sitini. Mabula ndiye dereva na fundi wa mambo madogo. Kasmiri alikuwa mtu wa kutafuta mizigo, anajua nani Shishiyu ana mahindi na nani Kalemela ana mpunga. Mimi nilikuwa na mtaji wa mgahawa na mdomo wa kupatana bei. Tulikubaliana mbele ya Mtendaji, tukaandika kwenye kauntabuku ya ofisi ya kijiji na muhuri ukapigwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi sikuwa tayari kupoteza milioni ishirini kwa uvivu wa kalamu.

Kasmiri alifariki gari likiwa limetimiza miaka mitatu. Mjane wake, Justina, hakutaka kuendelea. Tukampa theluthi yake, milioni nane, mimi nikatoa nne na Mabula nne, gari likabaki letu wawili. Justina akaanza nyumba ya tofali pale njia ya kwenda Bariadi, akaezeka vyumba viwili, cha tatu akakiacha wazi. Kila nikipita na Kenta namwambia Mabula, "Tazama, milioni nane zote na bati zimemshinda. Mwanamke yule hajui kupanga." Nilisema hivyo mwaka wa kwanza, wa pili, na wa tatu.

Sasa zamu ya kutoka ilikuwa yangu. Bariadi kuna mtu anauza mashine ya kukoboa mpunga, imetumika msimu mmoja tu, milioni saba na nusu, na alisema atanishikia hadi Ijumaa. Mashine ile nilikuwa nimeiota hadi nimejua itakaa ukuta upi. Miaka yote nimekuwa mtu wa barabarani, nakula vumbi la pamba na kulala kwenye magunia. Nilitaka kukaa mahali pamoja, wateja wanifuate mimi. Pesa yake ilikuwa ndani ya Kenta, na mkataba ulisema wazi: anayejitoa alipwe sehemu yake ya thamani ya gari kwa siku hiyo.

Ilikuwa Jumatano asubuhi. Mtendaji anaitwa Athanasi, kijana wa chuo, ametulia, anavaa shati lililopigwa pasi hata siku za mnada. Alifungua kauntabuku na kutusomea.

"Thamani ya gari itashuka kila mwaka kwa asilimia ishirini ya thamani iliyokuwa nayo mwaka huo ulipoanza. Ndivyo mlivyoandika."

"Ndivyo," alisema Mabula. "Asilimia ishirini ya milioni sitini ni milioni kumi na mbili. Kila mwaka kumi na mbili. Mwaka wa tano gari limekwisha. Leo ni mwaka wa sita. Mtendaji, ukitaka kuwa mkali, mayu hapa ndiye anayedaiwa."

Mayu ni mama kwa Kisukuma, ndivyo anavyoniita. Akacheka. Mabula ana kicheko kizuri, ndicho kilichotupatia mizigo mingi. Siku ile nilitamani kimkwame.

"Kwa hiyo Kenta ni sifuri?" nikamuuliza.

"Kwa hesabu, ni sifuri."

"Lililokuleta hapa asubuhi hii ni sifuri? Lililobeba magunia sabini juzi kutoka Shishiyu?"

"Mimi sisemi halitembei. Nasema thamani."

Nikanyoosha mkono juu ya meza. "Basi kaka Mabula, nipe funguo. Kitu cha sifuri hakigombewi. Mimi nitalichukua nikafugie kuku."

Mtendaji akainama kama anatafuta kalamu, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka. Mabula alizifunika funguo kwa kiganja. Nikajua nimeshamshika, ila kumshika mtu na kumfanya akubali ni vitu viwili. Mabula si mwizi. Anaamini anachokisema, na mtu anayeamini hesabu mbovu ni mgumu kuliko mwizi, maana mwizi walau anajua ukweli uko wapi.

Nikaacha habari za gari, nikamjia kwa ng'ombe wake.

"Ule ukame wako," nikasema. "Hebu mweleze Mtendaji."

Hakuna asiyejua ukame wa Mabula. Huusimulia misibani, harusini na kwenye foleni ya mizani ya pamba. Alikuwa na ng'ombe ishirini na watano, na miaka miwili mfululizo akapoteza mmoja kati ya kila watano.

"Anaujua," akasema kwa mashaka.

"Mweleze tena. Mwaka wa kwanza walikufa wangapi?"

"Watano."

"Mwaka wa pili?"

"Wanne."

"Kwa nini wanne? Si ulisema mmoja kati ya watano, miaka yote miwili?"

"Mayu, walikuwa wamebaki ishirini. Mmoja kati ya watano kwa ishirini ni wanne. Kifo hakiwezi kuhesabu ng'ombe ambao walishakufa."

Mtendaji aliacha kutafuta kalamu. Mabula mwenyewe alisikia maneno yake yalipokuwa yanatoka, nikaona uso wake unabadilika polepole.

"Na ukabaki na kumi na sita," nikasema. "Kwa hesabu yako ya gari ungebaki na kumi na watano, na miaka mitano ya ukame boma lingekuwa tupu. Asilimia ishirini ni mmoja kati ya watano, kaka. Mwaka wa kwanza Kenta lilipoteza kumi na mbili, sawa. Likabaki milioni arobaini na nane. Mwaka wa pili huwezi kukata tena kumi na mbili, unakata moja ya tano ya arobaini na nane."

Mtendaji alitoa simu, akafungua kikokotoo. "Kinachobaki ni asilimia themanini," alisema. "Unazidisha kwa nukta nane, mara moja kwa kila mwaka." Akawa anabonyeza na kusoma, na mimi naandika.

Mwaka wa kwanza, milioni arobaini na nane. Wa pili, thelathini na nane na laki nne. Wa tatu, thelathini na laki saba na elfu ishirini. Wa nne, milioni ishirini na nne na laki tano na elfu sabini na sita. Wa tano, kumi na tisa, laki sita na elfu sitini, na mia nane. Wa sita, 15,728,640.

"Nusu yake," alisema Mtendaji, "ni 7,864,320."

Mashine ilikuwa yangu, na nauli ya kuileta, na shilingi za soda. Nilijisikia vizuri kuliko nilivyojisikia mwaka mzima, na sikuficha. Nilikunja karatasi yangu taratibu kama mtu anayekunja kanga mpya.

Mabula hakubisha tena. Alivuta kauntabuku upande wake, akasoma mstari ule wa mkataba kwa kidole, neno kwa neno, "iliyokuwa nayo mwaka huo ulipoanza." Kisha akafunua ukurasa wa nyuma. Akaukazia macho muda mrefu. Akaligeuza daftari likanielekea mimi.

"Na huu mwandiko ni wa nani?" akauliza.

Ulikuwa wangu. Herufi kubwa zilizoegemea kulia, mwalimu wangu wa darasa la tano aliziita za kiburi. Juu niliandika, Malipo ya Justina, mke wa marehemu Kasmiri. Chini yake sitini, toa kumi na mbili, toa kumi na mbili, toa kumi na mbili. Baki ishirini na nne. Gawa kwa tatu. Milioni nane. Sahihi yangu, sahihi ya Mabula, dole gumba la Justina, ambaye siku ile alikuwa bado amevaa nguo za msiba na hakuuliza chochote.

"Hesabu hii nimejifunza kwako," alisema Mabula, na safari hii hakucheka. "Mimi darasa la saba. Wewe ndiye uliyeshika kalamu. Nilidhani ndivyo inavyokokotolewa."

Nataka niseme kweli kuhusu dakika ile. Sikumwonea Justina huruma kwanza. Kwanza niliona haya, halafu nikakasirika, na hasira haikuwa na pa kwenda. Siku ile tulikata kumi na mbili ya kwanza, ikawa sahihi, tukairudia tu kama mtu anayepanga magunia yanayolingana. Miaka mitatu kosa halionekani. Ishirini na nne ni namba nzuri, inagawanyika kwa tatu, kila mtu akaondoka ameridhika. Ilibidi gari lifike sifuri mikononi mwangu ndipo nione kwamba hesabu ina ugonjwa.

Macho yangu yakarudi kwenye karatasi niliyoikunja. Mwaka wa tatu: milioni thelathini, laki saba na elfu ishirini. Gawa kwa tatu. Sikuhitaji simu.

"Milioni kumi, laki mbili na elfu arobaini," nikasema. "Tulimpunja milioni mbili, laki mbili na elfu arobaini."

"Kila mmoja wetu milioni moja, laki moja na elfu ishirini," alisema Mtendaji kwa upole, kama daktari.

Hapo simu yake ikaita, ni mtu wa wilayani, akatoka nje kuipokea. Tukabaki wawili na daftari katikati.

Mabula alishusha sauti. "Mama Anna. Tusikilizane. Mimi nakupa milioni saba na nusu taslimu, kesho. Ununue mashine yako. Ukurasa huu wa nyuma tuufunge kama ulivyokuwa. Justina aliweka dole gumba, na hajui lolote. Mtendaji ni mtu wa karatasi, tukimwambia tumemalizana, atapiga muhuri."

Nilipiga hesabu haraka, na sioni aibu kulisema hilo, nilipiga. Nikitoa fungu la Justina kwenye haki yangu, nabaki na 6,744,320. Mashine ni saba na nusu. Ningepungukiwa laki saba na zaidi, na Ijumaa ilikuwa keshokutwa. Nikikubali alichosema Mabula, Ijumaa jioni mashine inanguruma. Milioni saba na nusu kamili, wala si namba aliyoiokota njiani. Alinijua. Miaka sita kwenye kiti cha mbele cha Kenta, alijua bei ya ndoto yangu hadi shilingi ya mwisho.

Nililivuta daftari kama anayetaka kulifunga, kiasi cha kumfanya atumaini.

Kisha nikamwambia, "Kaka Mabula, nusu saa iliyopita nilikufokea kwa sababu ulitaka kunilipa kwa hesabu mbovu. Sasa nikale hesabu mbovu ile ile kwa sababu aliyepunjwa ni mwingine? Mkuki kwa nguruwe mtamu, siyo? Kasmiri ndiye aliyekutafutia mzigo wako wa kwanza Kalemela. Usinijaribu tena."

"Mimi sikujaribu, nimeshauri."

"Shauri lako kalishauri ukutani."

Mtendaji aliporudi alinikuta nimeshaandika. Kenta libaki la Mabula. Mabula atoe nusu yangu, pamoja na fungu lake la deni la Justina, jumla 8,984,320. Katika hizo, 2,240,000 ziende kwa Justina mkononi, na 6,744,320 kwangu. Nilichora mstari juu ya ile sitini-toa-kumi-na-mbili yangu, mstari mmoja tu ili isomeke, pembeni nikaandika, "Nilikosea," na sahihi yangu. Mabula alisoma mara mbili, akapumua kwa nguvu, akatia sahihi. Alikuwa na pesa za msimu wa pamba, na kwa tabia yake akishakubali jambo halizungushi. Jioni ile ile alitoa zote. Hilo nampa.

Kesho yake alfajiri nilimpigia simu mwenye mashine. Nikamwambia nina milioni sita na laki saba, nyingine baada ya mavuno. Akasema yeye si benki. Nikamwambia basi auze, na mashine yake kuanzia leo inashuka bei kila mwaka, asije akashangaa. Nikakata. Nilikaa kitandani nikalia kidogo, si sana, kisha nikajifunga kanga nikaenda kwa Justina.

Nilimkuta anafagia uwanja. Binti yake Gloria, wa kidato cha nne, alikuwa likizo, anafua nguo za shule.

"Mwangaluka, Mama Gloria."

"Mwangaluka, Mama Anna. Karibu kiti."

Nikakaa. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri njia nzima. Yote yakanitoka, nikaweka bahasha kwenye mkeka, nikasema tu kwamba miaka mitatu iliyopita tulikosea hesabu, mimi ndiye niliyekosea, na hii ni milioni mbili, laki mbili na elfu arobaini iliyokuwa yake. Nikaanza kumweleza mambo ya asilimia ishirini ya kinachobaki, nikafika kwenye ng'ombe wa Mabula, na Justina akainua mkono kunisimamisha.

"Gloria," akaita. "Niletee lile daftari lako la kidato cha pili."

Gloria alikausha mikono kwenye gauni, akaingia ndani, akarudi na daftari lenye jalada lililochanika. Akalifungua bila kutafuta. Ukurasani kulikuwa na mazoezi ya uchakavu wa mali, yenye vyema vyekundu vya mwalimu. Chini kabisa, kwa penseli, pasipo na alama ya mwalimu, aliandika: Gari la baba. Milioni sitini mara nukta nane mara nukta nane mara nukta nane. 30,720,000. Gawa kwa tatu. 10,240,000. Walitoa 8,000,000.

Nilisoma tarehe. Ilikuwa ya mwaka juzi.

"Mlijua," nikasema.

"Alinionyesha siku ile ile aliyofundishwa," alisema Justina. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilinikosesha pa kushika. "Alitaka aje kwako. Nikamkataza. Mimi mjane, nimeweka dole gumba, na wewe una mdomo, Mama Anna. Nani angenisikiliza? Nikamwambia mwanangu, tulia. Gari lile linapungua kila mwaka. Siku hesabu ikimfikia Mama Anna mwenyewe, ataikokotoa vizuri."

Nikaisukuma bahasha karibu naye.

Alichukua bahasha, hakuhesabu, akampa Gloria. "Kesho nenda Bariadi na mjomba wako," alimwambia, "mkaulizie bati, zile za chumba changu. Mbao ninazo tangu mwaka ule, zipo tu zinasubiri." Kisha akanigeukia. "Milioni nane zilifika kwenye linta na bati za vyumba viwili. Niliishia hapo. Wabeja, asante kwa kuzileta."

Nilinyanyua macho bila kutaka. Kutoka pale nilipokaa uwanjani, kupitia mlango wa mbele niliona mlango wa chumba cha tatu uko wazi, na ndani yake jua la asubuhi lilikuwa limejaa sakafuni hadi ukutani. Mbao zilikuwa zimepangwa kwenye kona, zimefunikwa turubai. Kitanda cha Justina kilikuwa sebuleni, kimesukumwa nyuma ya viti.

Gloria aliniletea chai. Nikanywa yote, na kwa mara ya kwanza sikuwa na la kusema kuhusu nyumba ile.